Mlinganyo wa sekula: kugawa nusu, Nyutoni au kupima kwa nguzo mbili, ipi uichague?

Nadhani umeshafika hapa: una matriksi ya ulalo D, yaani namba zako d1, d2 mpaka dn ziko kwenye ulalo na kwingine kote ni sifuri, halafu mtu anakuongezea kitu kidogo tu, vekta z ikizidishwa na yenyewe na kupimwa kwa namba ρ, sasa matriksi yako ni D + ρzzᵀ na unatakiwa utoe thamani za aigeni upya. Hiyo ndo nyongeza ya renki moja. Swali ni je, unaitupa matriksi nzima kwenye programu ya kawaida ianze kuchakata toka mwanzo, au unatumia ule mlinganyo wa sekula, na kama ni mlinganyo, unautatua kwa njia gani? Mimi nitalinganisha njia tatu za kuutatua, kwa mfano mmoja mdogo tutakaoufuata hatua kwa hatua, maana ukiuona kwenye namba utaelewa kwa nini njia ambayo wengi tunaikimbilia kwanza ndo inayotuangusha.

Kuhusu kuanza upya kabisa nitasema kidogo tu. Kama matriksi yako ina safu ishirini au hamsini na unafanya kazi hii mara moja, ita `numpy.linalg.eigh` uendelee na maisha, hakuna aibu. Lakini gharama ya hiyo njia inakua kwa n³, wakati thamani zote za aigeni kupitia mlinganyo wa sekula zinagharimu kama n² hivi, kwa sababu kila mzizi unahitaji tathmini chache na kila tathmini ni kujumlisha sehemu n tu. Kwa n ya elfu kadhaa, au kama nyongeza zinakuja moja baada ya nyingine, tofauti unaisikia kabisa. Ila kumbuka faida hiyo ni ya thamani za aigeni, kama pia unataka vekta zote zirudishwe kwenye msingi wa awali bado kuna kuzidisha matriksi kwa matriksi.

Mlinganyo wenyewe ni huu:

```
f(λ) = 1 + ρ·z1²/(d1-λ) + ρ·z2²/(d2-λ) + ... + ρ·zn²/(dn-λ) = 0
```

Unatoka wapi? Ukichukua determinanti ya D + ρzzᵀ − λI unaweza kuitoa D − λI nje, kinachobaki ndani ni hiyo f. Kwa hiyo kama hakuna z iliyo sifuri na hakuna d mbili zinazolingana, mizizi ya f ndo thamani za aigeni zenyewe, zote n, hakuna inayobaki nje.

Sasa mfano wetu. d ni 1, 2 na 4, ρ ni 1, na z ni (1, 0.1, 1). Angalia huyo wa katikati, 0.1, nimemweka makusudi, akipigwa kipeo cha pili anakuwa 0.01 na ndiye atakayeleta vurugu zote. Mlinganyo wetu basi ni

```
f(λ) = 1 + 1/(1-λ) + 0.01/(2-λ) + 1/(4-λ)
```

Kabla ya njia yoyote, chora grafu. Hata kwa mkono. Mistari mitatu ya wima inasimama kwenye λ = 1, 2 na 4, hizi naziita nguzo, kwenye nguzo f haina thamani. Kushoto tu mwa nguzo grafu inapaa juu bila kikomo, kulia tu mwa nguzo inatokea chini kabisa bila kikomo, na katikati ya nguzo na nguzo inapanda tu muda wote, haishuki hata mahali pamoja, kwa sababu mteremko wake ni jumla ya ρz²/(d−λ)² na kila kipande ni chanya. Kitu kinachotoka chini kabisa kikapanda bila kupumzika mpaka juu kabisa lazima kikate mhimili mara moja, na mara moja tu. Ndo maana kati ya 1 na 2 kuna mzizi mmoja, kati ya 2 na 4 mmoja, na kulia kwa 4 mmoja wa mwisho, ambaye hawezi kupita 4 + ρ‖z‖², kwetu ni 6.01. Ukienda mbali sana kushoto au kulia grafu inajilaza kwenye urefu wa 1. Kama ρ ni hasi picha inageuka, kila tawi linashuka badala ya kupanda, mizizi inasogea kushoto mwa nguzo zake, hoja zinabaki zilezile.

Kuichora kwa kompyuta ni mistari michache, muhimu tu ukate mhimili wa wima vinginevyo nguzo zitakumeza picha yote:

```python
import numpy as np, matplotlib.pyplot as plt
d = np.array([1.0, 2.0, 4.0]); w = np.array([1.0, 0.01, 1.0])
x = np.linspace(0, 7, 20001)
with np.errstate(divide="ignore", invalid="ignore"):
    y = 1 + (w / (d - x[:, None])).sum(axis=1)
y[~(abs(y) < 6)] = np.nan
plt.plot(x, y); plt.axhline(0); plt.show()
```

Ukiitazama vizuri utaona kitu kwenye 2. Kwenye 1 na 4 grafu inapinda taratibu, mkunjo mpana wenye kupendeza. Kwenye 2 lakini inakuja kama vile hakuna nguzo kabisa, inapita laini, halafu ghafla karibu kabisa na 2 inachomoka wima juu, na upande wa pili inatokea wima chini na kukunja kona kali kama herufi L iliyopinduliwa juu chini. Kadiri z² ya hapo inavyokuwa ndogo ndivyo kona inavyozidi kuwa kali, na mzizi umejificha ndani ya hiyo kona. Tunaweza hata kukisia ulipo: ukiiondoa nguzo ya 2, f iliyobaki pale λ = 2 ni 1 − 1 + 0.5 = 0.5, kwa hiyo mzizi utakuwa pale ambapo 0.01 ikigawanywa kwa umbali inakuwa 0.5, yaani umbali wa karibu 0.02 kutoka kwenye nguzo. Jibu kamili ni 2.0191. Mizizi mingine miwili ni 1.68341 na 5.30749.

Haya sasa tuwapambanishe, wote watatu tuwatume wautafute mzizi ulio kati ya 2 na 4, na wote waanzie katikati, λ = 3.

| hatua | kugawa nusu | Nyutoni | nguzo mbili |
|---|---|---|---|
| 0 | 3 | 3 | 3 |
| 1 | 2.5 | 1.81746 | 2.19919 |
| 2 | 2.25 | 1.67310 | 2.04604 |
| 3 | 2.125 | 1.68329 | 2.02019 |
| 4 | 2.0625 | 1.68341 | 2.01910 |

Soma safu ya Nyutoni tena taratibu. Kwenye 3 f ni 1.49 na mteremko ni 1.26, tanjenti inakurudisha nyuma kwa 1.18 na unatua 1.81746, umeshavuka nguzo ya 2, uko chumba cha jirani. Na huko haangaiki wala halalamiki, anatulia vizuri kabisa kwenye 1.68341 ambao ni mzizi halali, f yake ni sifuri, kila kipimo cha kusimama kinaridhika, ila siyo mzizi uliomtuma. Mwishoni unakuwa na orodha ya thamani za aigeni ambamo 1.68341 ipo mara mbili na 2.0191 haipo kabisa. Hili lilishanipata kwenye kazi yangu, na nilitafuta kosa sehemu nyingine kwa muda mrefu kwa sababu kila mzizi nikiuangalia peke yake ulikuwa sahihi. Dalili yake ndo hiyo: thamani zinazojirudia wakati nguzo zako zote ni tofauti. Kwenye picha sababu ni wazi, tanjenti ni mstari ulionyooka, na kule 3 grafu imelala polepole, haina habari yoyote kwamba pale 2 kuna kona.

Je ukimwanzisha Nyutoni upande wa kona, karibu na nguzo? Hapo hatoroki, ila anatambaa. Umbali wake kutoka nguzo unakaribia kuwa mara mbili kila hatua, tuseme umeanza kwa 0.001, hatua inayofuata ni 0.00195, na hivyo hivyo mpaka afike jirani na mzizi ndo aanze kukimbia. Ukianza kwa 0.00000001 ni hatua ishirini na kitu za kuongeza maradufu tu kabla ya kazi yenyewe kuanza. Sehemu moja ambayo namwamini ni chumba cha mwisho, kulia kwa nguzo zote, pale grafu imepinda upande mmoja tu na akianzia kushoto mwa mzizi anapanda kwa usalama bila kuupita.

Kugawa nusu ni mtu mwaminifu. Unajua f ni hasi karibu na 2 na chanya karibu na 4, unaangalia katikati, unatupa nusu isiyo na mzizi, unarudia. Haiwezi kuvuka nguzo hata siku moja. Ila ona mwendo, baada ya tathmini saba anajua tu kwamba mzizi uko kati ya 2.015625 na 2.03125, na ili ufikishe usahihi kamili wa namba za usahihi maradufu za kompyuta unahitaji hatua zaidi ya 50 kwa kila mzizi. Kwa mizizi kumi sawa tu, kwa mizizi elfu tano unaanza kulipa.

Sasa huyu wa tatu, ambaye Bunch, Nielsen na Sorensen walimweka wazi kwenye makala yao ya mwaka 1978, miaka mitano baada ya Golub kuandika kuhusu matatizo ya aina hii mwaka 1973. Wazo ni rahisi na ni zuri sana: kama grafu imetengenezwa na nguzo, usiikadirie kwa mstari, ikadirie kwa kitu chenye nguzo. Unaigawa f mafungu mawili, nguzo zote za kushoto kwako fungu moja, za kulia fungu la pili. Fungu la kushoto lote unalibadilisha na kitu cha umbo r + s/(2−λ), yaani nguzo moja tu iliyosimama pale kwenye nguzo ya jirani, r na s unazichagua ili thamani na mteremko vilingane na vya kweli pale ulipo. La kulia vivyo hivyo na nguzo ya 4. Ukijumlisha na ile 1 unapata mlinganyo wa kipeo cha pili, unautatua kwa fomula ya shule, unachukua jibu lililo kati ya nguzo mbili.

Tufanye hatua ya kwanza kwa mkono. Kwenye 3 fungu la kushoto ni −0.5 − 0.01 = −0.51 na mteremko wake 0.25 + 0.01 = 0.26. Kutoka 2 hadi 3 umbali ni 1, kwa hiyo s = 0.26 na r = −0.25. Fungu la kulia lina nguzo moja tu kwa hiyo limeshakuwa sahihi lenyewe. Tukiita umbali kutoka 2 kuwa t, tunatatua

```
0.75 - 0.26/t + 1/(2-t) = 0
```

na jibu ni t = 0.19919. Hakuna namna ya kutoka nje ya chumba, maana hiyo grafu ya makadirio nayo inatoka chini kabisa pale 2 na inapaa juu kabisa pale 4, lazima ikate katikati. Huo usalama haukuja kwa kuweka ulinzi pembeni, umo ndani ya umbo lenyewe, na ndo kitu ninachokipenda zaidi kwenye njia hii.

Lakini nisiwafiche udhaifu wake. Angalia hatua mbili za kwanza kwenye jedwali, 2.199 halafu 2.046, siyo kasi ya kutisha. Sababu ni kwamba nguzo ya 1 yenye uzito mkubwa imevalishwa nguo za nguzo ya 2, s imetoka 0.26 wakati uzito halisi wa nguzo ya 2 ni 0.01. Mpaka tusogee karibu ndo uongo huo unapungua. Dawa ni mahali pa kuanzia: nguzo mbili za jirani ziache na uzito wao wa kweli, nyingine zote zigandishe kwa thamani zao za katikati ya chumba. Kwetu nguzo ya 1 ikiwa λ = 3 inatoa −0.5, unatatua 0.5 − 0.01/t + 1/(2−t) = 0, unapata t = 0.009975, hatua moja inakupeleka 0.01925 na inayofuata inakupa 0.0191. Hatua mbili tu. Kwenye maktaba ya LAPACK kazi hii inafanywa na `dlaed4`, ambayo imeboresha wazo hilihili na kuna wakati inatumia nguzo tatu badala ya mbili kupitia `dlaed6`, kwa hiyo kama unaweza kuiita hiyo basi iite, usiandike yako.

Ukiandika yako kwa kujifunza, hatua moja inakaa hivi (d na w ni zile za juu):

```python
def hatua(t, k):              # t = lambda - d[k]
    a = (d - d[k]) - t
    L, R = slice(0, k+1), slice(k+1, None)
    g = d[k+1] - d[k]
    s = (w[L]/a[L]**2).sum() * t**2
    S = (w[R]/a[R]**2).sum() * (g-t)**2
    c = 1 + (w[L]/a[L]).sum() + s/t + (w[R]/a[R]).sum() - S/(g-t)
    b = c*g + s + S
    q = np.sqrt(b*b - 4*c*s*g)
    return 2*s*g/(b+q) if b > 0 else (b-q)/(2*c)
```

Umeona natunza t, siyo λ? Hilo siyo pambo, na linawahusu wote watatu. Chukua mfano uleule ila z ya katikati iwe ndogo zaidi, kiasi kwamba z² ni 5·10⁻¹⁴. Kwa hesabu yetu ya kona, umbali wa mzizi kutoka 2 ni karibu 10⁻¹³. Lakini namba za usahihi maradufu kati ya 2 na 4 zimepishana kwa 4.4·10⁻¹⁶, kwa hiyo ukiihifadhi λ kama 2.0000000000001 halafu baadaye utoe 2, huo umbali unarudi ukiwa na tarakimu mbili tu hivi za kuaminika, kosa la mpaka asilimia 0.2. Thamani ya aigeni yenyewe haina shida, ni sahihi kabisa. Vekta ndo inaumia, maana vipande vyake ni z ikigawanywa kwa (d−λ), na asilimia 0.2 kwenye asili ya sehemu inaingia moja kwa moja kwenye kipande. Kwa mfano huu vekta ambazo zilitakiwa zisimame wima kabisa baina yao zinakuja na zao la nukta la kama 10⁻⁹ badala ya 10⁻¹⁶. Kugawa nusu ukiwa na λ hakukuokoi hapo, hata ukirudia mara elfu. Hamisha sifuri yako iwe kwenye nguzo iliyo karibu zaidi na mzizi (inaweza kuwa ya kulia pia), tafuta t, tunza t, tumia t kwenye vekta.

Na hata t ikiwa nzuri, kuna hila moja zaidi kwa wanaotaka vekta, ya Gu na Eisenstat wa miaka ya 1990: ukishapata mizizi yote, usitumie z yako ya mwanzo, tafuta z mpya ambayo kwake mizizi uliyoipata ni kamili bila kosa lolote, fomula yake ni mazao ya tofauti kati ya mizizi na nguzo tu, halafu tengeneza vekta kutoka kwa hiyo. Vekta zinatoka wima baina yao hadi ukingo wa usahihi wa mashine.

Kabla ya yote hayo lakini safisha data. z iliyo ndogo chini ya kosa la mashine, itupe, d yake ni thamani ya aigeni tayari na vekta yake ni mhimili wenyewe. d mbili zinazolingana, zungusha z zao mpaka moja iwe sifuri, halafu itupe hiyo. Bila usafi huu njia ya nguzo mbili itajaribu kutafuta mzizi ndani ya chumba kisicho na upana. Kwenye mbinu ya Cuppen ya 1981 ya kugawa tatizo vipande na kuviunganisha, ambako mlinganyo huu unatumika sana, mara nyingi usafi huu unaondoa sehemu kubwa ya kazi.

Kwa hiyo mimi nachagua hivi. Nikitaka thamani moja au mbili tu na nataka kulala bila wasiwasi, kugawa nusu kwenye t, mistari kumi ya kodi, haikosei. Nikitaka zote, au nikitaka vekta, nguzo mbili zikianza kwa uzito wa kweli, na ulinzi wa kugawa nusu pembeni endapo hatua haipunguzi f vya kutosha. Nyutoni namtumia chumba cha mwisho tu, au pale nilipomfungia ndani ya mipaka kwamba akitaka kuvuka nguzo anarudishwa katikati, na kwa wakati huo kwa kweli umeshaandika kodi ndefu kuliko ya nguzo mbili.

Njia yoyote utakayochukua, jumlisha mizizi mwishoni uilinganishe na jumla ya d ukiongeza ρ‖z‖². Kwetu 1.68341 + 2.01910 + 5.30749 ni 9.01000, na 7 + 2.01 ni 9.01. Ile orodha ya Nyutoni yenye 1.68341 mara mbili inatoa 8.67431.